Taa Zote Zimewaka: Ipi Ilitangulia?

Boila ya gesi ya kiwandani ikijizima yenyewe, opereta husikia honi kwanza. Akigeukia paneli anakuta imejaa taa: moto umezimika, maji yameshuka, presha ya mvuke iko chini, tabaini imetripu, jenereta imetoka kwenye laini. Hakuna taa inayosema uongo. Kila moja inataja jambo lililotokea kweli. Shida ni kwamba zote ziliwaka ndani ya sekunde chache, na fundi anayeamshwa usiku anataka kujua jambo moja tu kabla hajafungua sanduku lake la zana: ipi iliwaka kwanza?

Ili kuona kwa nini swali hilo ni gumu, tuufuate mvuke tangu unapozaliwa. Tuseme vali ya gesi imefunga. Moto unazimika kabla sekunde haijaisha. Ndani ya boila maji yalikuwa yanachemka kwa nguvu, yamejaa mapovu, na mapovu hayo huchukua nafasi. Joto likikatika, mapovu hupungua na maji husinyaa, hivyo kiwango kinachosomwa kwenye geji hushuka hata kama hakuna tone lililovuja. Swichi ya maji inaona kiwango kimeteremka, inapiga kelele. Wakati huohuo tabaini inaendelea kuvuta mvuke ambao hautengenezwi tena, presha inaporomoka, na ulinzi wa tabaini unafunga mlango wa mvuke. Jenereta iliyofungwa nayo sasa haisukumwi na chochote, kwa hiyo gridi inaanza kuizungusha kama mota. Rilei inayolinda hali hiyo inasubiri sekunde kadhaa, kisha inaitoa jenereta kwenye laini.

Sasa tuanze upande mwingine. Safari hii pampu ya maji ndiyo imekufa. Maji yanashuka kweli, swichi inaiamuru vali ya gesi ifunge, moto unazimika, presha inaporomoka, tabaini inatripu, jenereta inatoka. Simama mbele ya paneli dakika moja baadaye. Utaona picha ileile uliyoiona mara ya kwanza, taa kwa taa. Ajali mbili zenye vyanzo tofauti kabisa zimeishia na paneli moja, na ukiitazama tu huwezi kuzitenganisha hata ungekuwa na uzoefu wa miaka thelathini. Anayeamini taa ya maji ataifungua pampu isiyo na kosa. Anayeamini taa ya moto atashinda anasafisha kioo cha jicho linaloangalia moto, ilhali tangi la maji ni tupu.

Hapo ndipo inapoingia mantiki ambayo mafundi wetu huiita fasti auti. Kazi yake ni kukumbuka. Haizuii mashine kuzima wala haiamui izimwe lini. Hayo yana ulinzi wake. Yenyewe inakaa pembeni ya ulinzi huo ikingoja tripu ya kwanza, inaiwekea alama, kisha inakataa kuiwekea alama hiyo tripu nyingine yoyote mpaka mtu abonyeze kitufe. Ni kama mlango unaojifunga nyuma ya mtu wa kwanza kuingia: wengine watafika, watabisha, watasikika, lakini aliye ndani anajulikana.

Kwenye paneli za zamani kazi hii ilifanywa na rilei. Kila tripu ilikuwa na rilei yake, na rilei hiyo ikivutwa ilifanya mambo mawili pamoja. Ilijishikilia yenyewe kwa kontakti yake, ili hata chanzo kikirudi hali ya kawaida taa isizime. Pia ilikata waya wa pamoja uliokuwa ukizipa rilei nyingine zote nafasi ya kujiandika kuwa za kwanza. Kujishikilia huko ni muhimu kuliko kunavyoonekana. Swichi nyingi hufunga na kufunguka tena haraka: presha inadondoka, mashine inasimama, presha inarudi. Bila rilei ya kujishikilia, mhusika angekuwa amekwisha kunawa mikono kabla opereta hajageuka.

Mtu anayeitazama paneli anaiona tofauti hiyo kwa jinsi taa zinavyomweka. Kiwango cha Marekani kiitwacho ISA-18.1, toleo la 1979, kimepanga mifuatano ya taa na honi na kuipa herufi. Ile ya fasti auti inaanza na F. Kuna F1A, F2A na F3A, na zinachotofautiana hasa ni namna tripu zinazofuata zinavyotendewa na kama kuna kitufe cha pekee cha kuifuta alama ya kwanza. Kwa opereta jambo lenyewe ni rahisi: taa moja inamweka kwa namna yake, nyingine zinawaka tu au zinamweka kwa mwendo tofauti. Anabonyeza kitufe cha kukiri, honi inanyamaza, na kwenye paneli iliyopangwa vizuri taa ya kwanza inabaki ikijulikana hata baada ya honi kunyamaza.

Siku hizi kazi hiyo mara nyingi imehamia kwenye kompyuta ya kuendesha mitambo, ile ambayo mafundi huiita pi-el-si. Humo mantiki yote inaweza kuingia katika mistari michache. Tripu zote zinawekwa kwenye neno moja la biti kumi na sita, kila tripu na biti yake:

```
IF ARMED AND FO = 0 THEN
    FO := TRIPS;
END_IF;
IF RESET THEN
    FO := 0;
END_IF;
```

`TRIPS` ni hali ya tripu zote kwa sasa. `FO` ni kumbukumbu. Kumbukumbu ikiwa tupu, inanakili chochote kilichopo. Ikishapata kitu hainakili tena. `ARMED` ndiyo inayoiambia mantiki kwamba boila iko kazini. Ukiiondoa, paneli itakuwa kichekesho, kwa sababu boila iliyolala haina moto, haina presha, na pengine feni yake imesimama: kila kitu kinaonekana kuwa tripu. Opereta akiizima boila kwa utaratibu mwisho wa zamu, paneli ingemtangazia hitilafu ambayo haipo.

Kuna mtego katika mistari hiyo, na unawanasa hata wanaojua kuandika programu. Kompyuta hii husoma ingizo zote, hupitia programu toka juu hadi chini, hutoa amri, kisha huanza upya. Tuseme mzunguko mmoja unachukua milisekunde 20. Mistari ya kunakili tripu lazima ikae juu ya ile inayofunga vali na kushusha `ARMED`. Ukiiweka chini, boila itatripu, `ARMED` itashuka katika mzunguko uleule, na ikifika zamu ya fasti auti itakuta boila imeshahesabiwa kuwa imelala. Kumbukumbu itabaki tupu. Mashine imezima, na hakuna aliyetajwa.

Mzunguko huo unaleta swali lingine: tripu mbili zikiingia ndani ya milisekunde 20 zilezile, ipi ni ya kwanza? Kompyuta haijui. Kwayo zimefika pamoja. Mistari niliyoonyesha hapo juu inanakili neno zima, kwa hiyo itaziandika zote mbili, na opereta ataona taa mbili zikimweka kama za kwanza. Wako wanaoliona hilo kuwa kasoro, halafu wanaandika programu kwa mtindo wa kuuliza moja moja: kama ni maji, andika maji; kama siyo, kama ni moto, andika moto; na kadhalika. Paneli inakuwa safi, taa moja kila mara. Lakini sasa zikifika pamoja maji yatashinda siku zote, kwa sababu tu mwandishi aliyaweka juu kwenye orodha. Mimi ningechagua taa mbili. Paneli inayokiri kwamba zimefungana inamwambia fundi ukweli, na inampunguzia wa kuwatafuta kutoka kumi hadi wawili.

Anayetaka kutenganisha zaidi ya hapo hutumia chombo maalumu cha kuandika matukio kwa mfuatano, kinachoweka muda wa kila badiliko hadi milisekunde moja. Mitambo mikubwa ya umeme huwa nacho. Kwa boila ya kiwanda cha nguo au cha bia mara nyingi si lazima, kwa sababu mambo yenyewe, maji, mvuke na gesi, hayaendi kwa kasi ya milisekunde. Kinachopotosha fasti auti kwenye boila ni kitu cha polepole zaidi na kilichowekwa kwa makusudi: ucheleweshaji.

Karibu kila swichi ya ulinzi hupewa muda wa kusubiri kabla haijaitwa tripu. Sababu zake ni nzuri. Maji ndani ya boila huyumba, gesi hutikisika kidogo kila vali inapofunguka, na mtambo unaozima kwa kila mtikisiko hauzalishi kitu. Kwa hiyo presha ya gesi huambiwa ishuke kwa sekunde tatu mfululizo ndipo ihesabiwe. Jicho la moto, kwa kuwa gesi isiyowaka ndani ya tanuru ni bomu, hupewa muda mfupi zaidi, tuseme sekunde moja. Fasti auti haioni kilichotokea kabla ya muda huo kwisha. Inaona kilichomaliza kusubiri.

Tuipitie boila moja ya mfano kwa karibu. Gesi inaingia kiwandani, inapita kwenye chujio, inapita kwenye rigileta, inafika kwenye swichi ya presha ndogo, kisha vali mbili za usalama, kisha bana. Presha ya kawaida mbele ya vali hizo ni milibar 300. Swichi imewekwa milibar 150, na ucheleweshaji wake ni sekunde tatu. Boila inatripu mara kadhaa kwa wiki, na kila mara taa ya kwanza ni ileile: moto umezimika. Taa ya presha ndogo ya gesi haiwaki kabisa, si ya kwanza wala ya mwisho.

Wa zamu ya usiku wanafanya ambacho yeyote angefanya. Wanafuta kioo cha jicho la moto. Boila inawaka, inakwenda siku mbili, inatripu. Wanabadilisha jicho lenyewe. Inatripu tena. Wanaangalia geji ya gesi wakati boila imezima: milibar 300, sawasawa. Gesi inafutwa kwenye orodha ya washukiwa, na mazungumzo yanahamia kwenye nyaya.

Kilichokuwa kikitokea ni hiki. Chujio limejaa uchafu. Boila ikiwaka kwa moto mdogo, gesi inayohitajika ni kidogo na inapenya bila taabu. Kiwanda kikifungua mashine nyingi kwa pamoja, mvuke unavutwa, bana inapanda hadi moto mkubwa, na gesi inayotakiwa inazidi ile ambayo chujio linaweza kupitisha. Presha kwenye swichi inaporomoka chini ya 150. Saa ya sekunde tatu inaanza kuhesabu. Kabla haijafika sekunde moja, moto umelegea na kuponyoka kwenye bana. Jicho halioni moto, nalo linaanza kuhesabu sekunde yake. Linamaliza kwanza. Tripu inaandikwa: moto umezimika. Vali zinafunga.

Na vali zikishafunga, gesi haitembei tena. Gesi isiyotembea haipotezi presha kwenye chujio, hata liwe chafu vipi. Presha kwenye swichi inapanda kurudi 300 wakati saa yake haijafika hata sekunde tatu, na saa inafutwa. Tripu yenyewe ndiyo imefuta ushahidi. Geji aliyoisoma fundi dakika tano baadaye ilikuwa sahihi kabisa, na haikuwa na maana yoyote.

Fasti auti haikukosea hapa. Iliulizwa ni ishara ipi imefika kwanza ikajibu vilivyo. Walioisoma ndio waliligeuza jibu hilo kuwa jibu la swali lingine, yaani nini kimeharibika. Tofauti ya maswali haya mawili ndiyo kazi nzima ya kuisoma paneli, na njia ya kuivuka ni kutafuta dalili ambazo taa haziwezi kuonyesha.

Dalili ya kwanza iko kwenye jicho lenyewe. Majicho mengi ya moto hutoa kipimo cha nguvu ya mwanga yanaouona. Kioo kikichafuka, kipimo hicho hushuka taratibu kwa siku nyingi. Kwenye boila yetu kilikuwa juu, imara, halafu kikaanguka hadi sifuri kwa mkupuo. Jicho halikuchoka; moto ulitoweka kweli. Dalili ya pili ni saa za kutripu. Ukiziandika kwenye daftari na kuziweka kando ya ratiba ya kiwanda, zinaangukia pale mzigo unapopanda, na kosa la waya halina sababu ya kujua ratiba ya kiwanda. Dalili ya tatu ni geji isomwe wakati boila iko kwenye moto mkubwa, mbele na nyuma ya chujio, siyo wakati imelala. Hapo mwanya kati ya geji mbili unajitokeza wazi.

Chujio likibadilishwa, boila inatulia. Ila paneli bado ina upofu wake, na hapa mafundi hugawanyika. Wengine huikata ile saa ya sekunde tatu ibaki sekunde moja au isiwepo. Hiyo inairudisha taa ya gesi kwenye mashindano, lakini pia inairudisha ile adha iliyofanya saa iwekwe. Njia ninayoiona bora ni kuiacha tripu na muda wake, na kando yake kuandika ishara ghafi ya swichi, kabla ya ucheleweshaji, pamoja na muda wake, kwenye orodha ya matukio. Haizimi chochote. Inabaki tu kwenye maandishi: presha ya gesi ilishuka, sekunde moja na nusu baadaye boila ikatripu kwa moto. Mstari mmoja kama huo ungeokoa jicho jipya la moto, ambalo bei yake si ndogo.

Kwamba taa huonyesha ishara na si hali yenyewe ni somo ambalo dunia ilijifunza kwa gharama kubwa. Alfajiri ya 28 Machi 1979, kwenye kitengo cha pili cha kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, pampu za maji zilisimama, tabaini ikatripu, na kama sekunde nane baada ya hapo kinu nacho kikatripu. Hadi hapo mfuatano ulikwenda kama ulivyopangwa. Vali ya kupunguzia presha ilifunguka kama inavyotakiwa, kisha ikakwama wazi. Taa yake kwenye paneli ilizimika, kwa sababu taa hiyo ilikuwa ikionyesha kwamba vali imeamriwa kufunga. Haikuwa na namna ya kujua kama imefunga. Maji ya kupozea kinu yaliendelea kutoroka kwa zaidi ya saa mbili. Wakati huo kengele zaidi ya mia moja zilikuwa zimelia ndani ya dakika za mwanzo, na printa iliyokuwa ikiandika matukio ilizidiwa hadi ikawa nyuma ya matukio yenyewe kwa zaidi ya saa mbili. Kujua kilichotangulia kusingetosha kuwaokoa waliokuwa zamu, kwa sababu hatari haikuwa tena kwenye tripu ya kwanza. Ilikuwa kwenye vali ambayo paneli ilidai imetulia.

Tukirudi kiwandani, adui mkubwa wa fasti auti ni kidole cha opereta. Mvuke umekatika, msimamizi wa uzalishaji anapiga simu, kitambaa kinaharibikia kwenye mashine. Opereta anabonyeza kukiri, anabonyeza riseti, anawasha boila. Riseti ndiyo inayofuta kumbukumbu. Kwenye paneli ya rilei hakuna nakala. Kilichokuwa kimeandikwa kimekwenda. Sehemu nyingi sasa opereta hupiga picha ya paneli kwa simu kabla ya kugusa riseti, na ni utaratibu mzuri kuliko fomu nyingi nilizowahi kuziona. Programu nayo inaweza kusaidia kwa kuhifadhi tripu za kwanza kumi za mwisho pamoja na saa zake, tena kwenye kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika. Hilo la mwisho husahaulika, na ndilo linalouma, kwa kuwa kukatika kwa umeme ni moja ya mambo yanayozima boila.

Mitambo kadhaa ikiwa na paneli zake, kila moja na saa yake, tatizo linapanda ngazi. Gridi ya kaskazini-mashariki ya Marekani na Ontario ilipoanguka 14 Agosti 2003 na kuwaacha watu wapatao milioni 50 bila umeme, wachunguzi walikuta rekodi nyingi ambazo saa zake hazikulingana, na ilibidi wazipange upya kwa kuoanisha matukio kabla ya kujua laini ipi ilitoka mbele ya ipi. Kiwandani ni vilevile kwa kipimo kidogo. Paneli ya boila ikisema saa 8:14 na ya jenereta ikisema saa 8:11, mtu anaweza kuapa kwamba jenereta ndiyo iliyoivuta boila, kumbe saa ya jenereta iko nyuma kwa dakika nne na haijarekebishwa tangu paneli ifungwe.

Halafu kuna siku boila inazima na hakuna taa ya kwanza inayowaka. Honi inalia kwa matokeo, presha ndogo, tabaini, jenereta, lakini alama ya mtangulizi haipo, au imekwenda kwa taa ambayo dhahiri ni tokeo. Paneli tupu nayo inasema kitu. Inasema kuwa kilichoizima boila hakijaunganishwa na mantiki hii. Mara nyingi ni kitu kilichoongezwa miaka baada ya paneli kufungwa: kitufe cha dharura cha pili karibu na mlango, swichi ya kifuniko, kinga ya mota ya feni mpya, vyote vikiwa vimeungwa moja kwa moja kwenye waya wa vali ya gesi bila tawi la kwenda kwenye paneli. Au ni vali yenyewe imepoteza umeme kwa fyuzi iliyolegea, bila ulinzi wowote kuiamuru. Fundi anayejua hivyo haanzi na orodha ya tripu. Anafuata waya wa vali kutoka kwenye koili kurudi nyuma, kontakti kwa kontakti, akiandika kila anachokikuta njiani, na kile ambacho hakina taa kwenye paneli anakivutia waya wake siku hiyohiyo kabla boila haijawashwa.